Mteja akiuliza "nichanganye na jiki?"

Wewe unayeuzia Watsapu hapa Mishamo, swali hili utakutana nalo. Mteja kaagiza jiki na dawa ya choo, anataka amimine vyote pamoja choo kitakate. Mwambie hapana. Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na jiki inatoka gesi ya klorini: macho yanawasha, kifua kinabana. Akiona hivyo atoke nje haraka, mlango auache wazi. Hata mkojo una amonia, kwa hiyo amwage maji mengi kwanza kabla ya jiki.

Sakafu ya kila siku, muuzie dawa ya matumizi mengi, inatosha. Jiki ni ya pale mtu ametapika au anaharisha. Asugue kwa sabuni, asuuze, maana uchafu unaimaliza nguvu jiki. Kisha kikombe 1 cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vikombe 6 vya maji, aache dakika 10, asuuze. (Sakafu ya udongo? Udongo wenyewe unaimaliza jiki, usimdanganye.)

Na nyie mnaopima rejareja: jiki isiingie kamwe kwenye chupa iliyokuwa na dawa ya choo, hata kama imeoshwa.