SOMO LA MWEZI: Kuchaji Bodaboda za Umeme Katika Korido za Ploti



Baadhi ya vikundi vyetu vimeweka akiba hadi vikanunua ploti mjini na kujenga nyumba za kupangisha. Vingine havina ploti, lakini vijana wao wamepanga huko na wanaendesha boda. Katika somo hili tutaangalia jambo ambalo limeingia katika nyumba hizo miaka hii ya karibuni, nalo ni bodaboda ya umeme inayochajiwa ndani ya korido. Tumeandika pia ilani ambayo kikundi kinaweza kunakili na kubandika ukutani.

Tuchukue ploti ya mfano. Ina gorofa tatu, na kila gorofa ina vyumba vinane vinavyotazamana, na korido katikati yenye upana wa sentimita 120. Ngazi ni moja tu. Madirisha yana vyuma kwa sababu ya wezi, na geti la chini hufungwa kwa kufuli saa tano usiku. Wapangaji watatu wana bodaboda za umeme. Wanaziegesha chini, karibu na ngazi, maana hapo kuna soketi na hapo wanaona ni salama kwa wizi. Usukani wa pikipiki moja una kama sentimita 75. Ikisimama ukutani, zinabaki sentimita 45 za kupita. Mama aliyebeba mtoto mgongoni hapiti hapo kwa haraka gizani. Na watu wa gorofa zote za juu hawana njia nyingine.

Sasa tuangalie betri yenyewe. Ndani ya betri ya lithiamu kuna seli nyingi zilizopangwa pamoja, na ndani ya kila seli kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha pande mbili zisigusane. Betri ikianguka, ikiingia maji, ikifunguliwa na fundi wa kubahatisha, au ikichajiwa na chaja isiyo yake, huo utando unaweza kuharibika. Seli moja inapata moto sana, inatoa gesi inayowaka, kisha inaichoma jirani yake. Moto wa namna hii unajilisha kutoka ndani. Kutoka moshi wa kwanza hadi miale, wakati mwingine haipiti hata dakika moja, na moshi wake una sumu. Huo moshi hupanda ngazi kama unavyopanda bomba la jiko.

Jiji la New York huko Marekani limelijua jambo hili kwa uchungu. Huko vijana wengi wanaosambaza chakula hutumia baiskeli za umeme na kuzichaji ndani ya nyumba za gorofa. Mwaka 2023 peke yake, zimamoto wa jiji hilo walihesabu mioto 268 ya betri za lithiamu, na watu 18 walikufa. Tusidhani kwamba kila betri ni bomu. Nyingi huchajiwa kila siku bila shida yoyote. Lakini ile moja itakayoharibika isiharibikie penye njia pekee ya kutokea.

Wenye nyumba wengi wakisikia hayo huandika tu "Ni marufuku" na kuondoka. Sisi tunaona hiyo haitoshi. Kijana wa boda hana budi kuchaji, kwa hivyo ataingiza betri chumbani na kuiweka nyuma ya mlango penye soketi. Hapo atakuwa amejifungia yeye, mke na watoto upande wa ndani wa moto. Ukimkataza korido, mwonyeshe mahali pengine.

Mahali penyewe ni banda nje, uani, mbali na ngazi, milango na madirisha. Kuta ziwe za mawe, paa la mabati lisilovuja, na mbele pawe wazi. Mwiteni fundi wa stima mwenye leseni avute waya mnene kutoka kwenye mita, wenye swichi yake ya kujikata. Hapa ndipo watu hutaka kuokoa pesa. Chaja moja ya bodaboda inaweza kula karibu wati 900 kwa masaa manne au matano mfululizo. Tatu kwenye ekstensheni moja ni wati 2,700, na ile ekstensheni nyembamba ya redio na simu haikutengenezwa kwa mzigo huo. Ikiwa imekunjwa au imefunikwa na gunia, inayeyuka.

Kuhusu wizi, wekeni pete ya chuma kwenye simiti ya sakafu ili pikipiki ifungwe kwa mnyororo. Kuhusu tokeni, ambayo ndiyo huleta ugomvi, wekeni mita ndogo bandani. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 ikichajiwa kutoka tupu hadi ijae hula yuniti tatu na kidogo, basi kila mtu alipe alichotumia. Wale wanaobadilisha betri kwenye vituo vya kampuni wasilete kabisa kazi ya kuchaji nyumbani.

Hii ndiyo ilani:

ILANI KWA WAPANGAJI WOTE

Kuanzia tarehe moja mwezi ujao, hakuna pikipiki, baiskeli wala betri ya umeme itakayoegeshwa au kuchajiwa katika korido, kwenye ngazi au ndani ya vyumba. Banda la kuchajia liko uani nyuma, na msimamizi atakuonyesha soketi yako.

Tumia chaja iliyokuja na betri yako. Chaja ya volti 72 haiingii kwenye betri ya volti 60, hata kama plagi inakubali. Chaja ya betri ya asidi haifai betri ya lithiamu. Betri ikijaa, chomoa. Ikinyeshewa au ikianguka, usiichaji kabla fundi wa kampuni hajaiangalia.

Ukiona betri imevimba, ina joto ilhali haichajiwi, inanuka dawa, au inatoa sauti ya kufoka, usiiguse. Mwite mlinzi.

Moshi ukionekana, mlinzi afungue geti kwanza, kisha azime swichi kubwa ya banda ikiwa anaifikia bila hatari. Watu watoke, wafunge milango nyuma yao, na zimamoto waitwe kwa 999 au 112. Kama korido imejaa moshi, baki chumbani, funga mlango, ziba chini kwa nguo mbichi, na upige kelele dirishani.

Mwisho wa ilani.

Mtaona hatukuandika habari ya mlinzi kuuzima huo moto. Poda ya kizimamoto inaweza kulaza miale, lakini joto linabaki ndani ya seli na moto unarudi, hata baada ya masaa mengi. Kinachopoza ni maji mengi sana, na hiyo ni kazi ya zimamoto. Betri iliyowahi kuungua ibaki nje, mbali na kuta, wala isirudishwe ndani ati imepoa.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Pimeni korido ya ploti yenu kwa tepu. Pikipiki ikisimama hapo, zinabaki sentimita ngapi?

2. Geti la usiku lina funguo ngapi, na ziko kwa nani? Mlinzi akienda chooni, nani anafungua?

3. Kama banda litachukua nafasi ya kuanikia nguo, akina mama waanike wapi? Jambo hili liamuliwe nao kabla fundi hajaitwa.