Karani wa Lubaga na neno "hapana"

SWALI: Mimi ni karani Lubaga, Kampala. Kila jioni naongezewa kazi za wengine. Nikatae vipi bila kuonekana mkaidi?

JIBU: Tuchukue mfano wa karani mkimya kama muulizaji. Saa kumi jioni, mkubwa wake anamwekea mezani fungu la risiti. Hasemi "sitaki". Anafungua daftari na kumwonyesha: "Mzee, orodha ya mishahara inatakiwa leo. Nikishika risiti hizi, orodha italala hadi kesho. Tuanze na ipi?"

Mkubwa anaondoka na risiti zake. Heshima huanzia hapo, maana sasa anaiona kazi ambayo ukimya uliificha.

Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 48 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na siku ya sikukuu ya umma mara mbili. Karani wa shilingi 624,000 kwa mwezi, akigawanya kwa saa 208 za mwezi, anapata 3,000 kwa saa. Ya ziada ni 4,500.

Kosa la wengi ni kunyamaza miezi mingi, kisha kulipuka siku moja. Hapo husikika hasira tu, hoja haisikiki. Akatae mapema, kwa sauti ya kawaida, na aandike tarehe na saa za kila kazi ya ziada. Mwajiri akigoma kulipa, daftari hilo alipeleke kwa afisa kazi.