Sentensi Moja Niliyoikata

Sura yangu ya mbinu za takwimu ilikuwa na kurasa 18. Jarida lilitaka maneno 400. Nilikuwa nimepima usipa wa kila mtumbwi, kila usiku, Mbamba Bay na Liuli, nione mbalamwezi inapunguza mavuno kiasi gani kwa wanaovua kwa taa. Nikafyeka. Kisha nikampa mwenzangu rasimu na data: "Nitafutie jibu langu." Akapata jingine.

Kumbe nilikata sentensi moja. Wavuvi wakirudi mikono mitupu, kilo ni sifuri, na sifuri haina logi. Mimi niliongeza kilo 1 kila usiku. Yeye programu ilimgomea, akazifuta sifuri, na nyingi zilikuwa za mbalamwezi. Athari ya mwezi ikapungua.

Nikairudisha sentensi, na modeli yenyewe:

```r
lmer(log(kilo + 1) ~ mbalamwezi + (1 | mtumbwi))
```

Maelezo ya logi ni nini yakabaki kwenye tasnifu. Kwenye makala kilibaki kila uamuzi ambao mwingine angeamua tofauti: sifuri, usiku upi ni wa mbalamwezi, mtumbwi uliopimwa mara nyingi, toleo la R na la `lme4`. Mwenzangu akarudia. Safari hii tulilingana.