Wananitaka niongeze alama 4

*Mimi ni mmoja wa wajumbe 5 wa kamati ya tathmini katika kaunti yetu. Tunatafuta kampuni ya wahandisi ya kusanifu mradi wa maji. Zimebaki kampuni 3, na asiyefikisha alama 70 za kiufundi bahasha yake ya bei haifunguliwi. Kampuni C ina wastani wa 69.2. Wenzangu waliipa 72, 71, 73 na 70, mimi 60. Tofauti yote iko kwenye uzoefu wa kiongozi wa timu, wenye alama 20: wao walimpa 16, mimi 4, kwa kuwa nimeona barua moja tu ya kukamilisha kazi. Mwenyekiti anataka niongeze alama 4 ili kampuni ipite, maana ni ya hapa kwetu na bei yake ni nafuu. Nikubali?*
*Mjumbe wa Tano*

Ndugu Mjumbe,

Usiongeze hata moja kwa sababu ulizopewa. Ila usizishikilie alama zako kabla ya kufanya jambo moja: fungua hati ya zabuni, usome tena sentensi inayoeleza jinsi alama hizo 20 zinavyopatikana.

Wajumbe wanaweza kutofautiana alama 2 au 3 kuhusu ubora wa mpango wa kazi, kwa kuwa hapo kila mmoja anatumia busara yake. Tofauti ya 16 na 4 kwenye kitu kinachohesabika ni habari nyingine. Ina maana mmesoma masharti mawili tofauti, na upande mmoja umekosea. Tuseme hati inatoa alama 4 kwa kila mradi unaofanana na huu, kwa miradi isiyozidi mitano. Wenzako wamehesabu miradi minne iliyoorodheshwa kwenye wasifu wa mhandisi. Wewe umehesabu ule mmoja wenye barua.

Ikiwa hati inataka orodha tu, wewe ndiye uliyekosea. Alama zako zinapanda hadi 72, wastani unakuwa 71.6, na C inapita kihalali. Lakini ikiwa hati inasema kila mradi uambatanishwe na barua ya mteja, ni wao wanne wanaopaswa kushuka. Watakuwa na 60, 59, 61 na 58, na wastani wa C utakuwa 59.6. Hakuna usomaji wa hati unaoleta 70 kamili. Alama 4 unazoombwa hazina mradi wala barua nyuma yake, na yeyote atakayekagua karatasi zenu ataliona hilo.

Usomaji mtakaokubaliana utumike pia kwa Kampuni A na B. Rudini kwenye wasifu wa viongozi wao wa timu, mhesabu kwa namna hiyo hiyo. Kamati nyingi husahihisha kampuni inayobishaniwa na kuziacha nyingine, na hapo aliyeshindwa hupata hoja ya kwenda nayo mbele ya Bodi ya Mapitio. Ana siku 14 tangu kuarifiwa matokeo.

Huenda mtu akapendekeza C iombwe barua zilizokosekana. Kamati inaruhusiwa kuomba ufafanuzi kwa maandishi, lakini ufafanuzi haubadilishi kiini cha zabuni. Barua zinazoleta alama 12 ambazo hazikuwapo siku ya kufungua zabuni zinakibadilisha.

Kuhusu ukaazi: kifungu cha 80 cha Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 kinataka tathmini ifuate vigezo vilivyomo kwenye hati ya zabuni. Kama kaunti ilitaka kuzipendelea kampuni za wenyeji kwa namna ambayo sheria inaruhusu, ilipaswa kuandika hivyo kabla ya kutangaza.

Kilichonishtua zaidi katika barua yako ni yale maneno kuhusu bei. Bahasha za bei bado zimefungwa. Mwenyekiti amejuaje kwamba C ni nafuu? Labda anakisia tu, lakini muulize, na umuulize kikaoni ili jibu liingie kwenye kumbukumbu. Kifungu cha 176 kinalifanya kuwa kosa kumshinikiza mjumbe wa kamati ya tathmini ampendelee mzabuni fulani, na cheo cha anayeshinikiza hakibadilishi hilo.

Wakikataa kurudi kwenye hati, tia sahihi ukiwa umeandika pingamizi lako ndani ya ripoti yenyewe. Taja kigezo kwa namba yake, nukuu sentensi ya hati, onyesha ukurasa wa zabuni ya C wenye ile barua moja, kisha uandike hesabu yako. Usimtaje mwenyekiti wala kueleza nia ya mtu. Ripoti hiyo itapita kwa mkuu wa ununuzi, ambaye chini ya kifungu cha 84 lazima atoe maoni yake ya kitaalamu kwa afisa mhasibu kabla ya uamuzi. Suala la bei mwandikie afisa mhasibu kwa barua ya peke yake, kabla bahasha hazijafunguliwa, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.