Sampuli, Kipimo na Ridhaa: Kubuni Utafiti Mdogo wa Msongo wa Mawazo kwa Wanafunzi wa Mbeya na Iringa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kubuni utafiti mdogo wa hojaji kuhusu msongo wa mawazo wa wanafunzi. Hoja yake kuu ni kwamba makosa mengi ya utafiti wa aina hii hutokea kabla data haijakusanywa, na kwamba baadhi yake ni makosa ya lugha. Mfano unaotumika ni wa mtafiti wa uzamili anayekusudia kuwachunguza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa. Idadi za wanafunzi zinazotolewa ni za kielelezo tu.

2.0 Sampuli

Njia rahisi ni kugawa hojaji katika ukumbi wa mihadhara. Njia hiyo huwaacha nje wasiohudhuria, nao huenda ndio walioelemewa zaidi. Inafaa kuanzia kwenye orodha ya usajili. Ikiwa chuo kina majina 1,200 na wanahitajika 100, mtafiti huteua kwa bahati nasibu namba moja kati ya 1 na 12, kisha huchukua kila jina la 12 baada ya hapo. Asiyepatikana hutafutwa tena. Nafasi yake haipewi aliye karibu.

Sampuli ya watu 100 kwa kila chuo ina mipaka yake. Tuchukulie kwamba alama zina mkengeuko sanifu wa 6. Kosa sanifu la tofauti ya wastani mbili litakuwa takriban 0.85, hivyo tofauti isiyofikia alama 1.7 haiwezi kutenganishwa na bahati. Aidha, hata tofauti kubwa isihesabiwe kuwa ni ya Mbeya na Iringa. Mkwawa ni chuo cha elimu, ilhali kile cha Mbeya ni cha sayansi na teknolojia. Tofauti ya miji imechanganyika na tofauti ya masomo. Ikiwa chuo kimoja kitachunguzwa karibu na mitihani na kingine mapema katika muhula, kitakachopimwa ni kalenda.

3.0 Kipimo

Kipimo kinachotumika sana ni kile cha msongo unaohisiwa kilichobuniwa na Cohen na wenzake mwaka 1983. Toleo lake la maswali 10 huuliza kuhusu mwezi uliopita, na kila jibu hupewa alama 0 hadi 4. Maswali manne, yaani la 4, la 5, la 7 na la 8, huuliza kuhusu hali njema, kwa hiyo alama zake hugeuzwa: 4 huwa 0, na 3 huwa 1. Aliyetia alama 4 kila mahali bila kusoma hupata 24, si 40. Jumla hiyo yaonekana ya kawaida, ndiyo maana kila hojaji yapasa kukaguliwa.

Ugumu wa tafsiri huanzia kwenye majibu. Neno "kamwe" huandamana na kitenzi kikanushi, hivyo halifai kujibu swali yakinishi la "ni mara ngapi". "Haikutokea" hufaa zaidi, kisha "mara chache" na kuendelea. Maswali kanushi nayo yaepukwe. Anayeulizwa "Hukulala vizuri?" akijibu "Ndiyo", kwa kawaida anathibitisha kwamba hakulala vizuri, mwingine huenda akamaanisha kinyume chake.

Tafsiri rejeshi haifichui tatizo hili, kwa sababu mtarjumi huelewa kilichokusudiwa. Yafaa wanafunzi wanane hivi waombwe kueleza kwa maneno yao kila swali linauliza nini. Baada ya majaribio, uhusiano wa kila swali lililogeuzwa na jumla ya mengine ukaguliwe. Ukikaribia sifuri au ukiwa hasi, kuna dalili kwamba swali halikueleweka.

4.0 Ridhaa

Kibali cha kamati ya maadili na ruhusa ya uongozi wa chuo si ridhaa ya mwanafunzi. Mhadhiri anayewasahihishia mitihani asigawe hojaji wala kuwapo chumbani, kwani kukataa mbele yake ni kugumu. Fomu ieleze kwamba kukataa hakuathiri alama wala mkopo. Wenye umri chini ya miaka 18 wasiingizwe bila utaratibu wa ridhaa ya mzazi au mlezi.

Lipo pia suala la utambulisho. Hojaji isiyo na jina humlinda mwanafunzi, lakini mtafiti hawezi kumfuata aliyepata alama za juu. Kwa hiyo kila mshiriki apewe karatasi inayoonyesha mahali pa kupata ushauri nasaha chuoni, awe na dalili au asiwe nazo. Swali kuhusu kujidhuru lisiulizwe iwapo hakuna aliyeandaliwa kulishughulikia jibu lake.

5.0 Hitimisho

Kipimo hiki hakitambui ugonjwa, na alama ya juu si uchunguzi wa daktari. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kiwango cha msongo walioueleza wanafunzi hao, katika mwezi huo, kwa maneno waliyoyaelewa na kwa hiari yao. Sharti mojawapo likikosekana, takwimu za baadaye haziwezi kulirejesha.