Kreatini huingiaje kwenye msuli?

Umewasikia wanyanyua vyuma wakisema unga wa kreatini unywe na soda? Sikiliza. Kreatini tayari ni nyingi ndani ya msuli kuliko kwenye damu, kwa hiyo haiingii yenyewe. Hubebwa na protini iliyo kwenye utando wa seli: ayoni mbili za sodiamu na moja ya kloridi zikikimbilia ndani, kreatini moja inadandia. Halafu pampu inaitoa sodiamu nje, safari iendelee.

Ukinywa sukari, insulini hupanda na kuichochea pampu hiyo. Lakini katika jaribio la 1996 watu walikunywa gramu 93 za wanga, mara nne kwa siku! Chupa moja ya soda haifui dafu. Na msuli ukishajaa, kreatini inayozidi unaikojoa tu.