Muhtasari wa Robo Mwaka wa Kodi ya Ongezeko la Thamani: Mwongozo kwa Wenye Maduka wa Oman

Mwenye duka wa Matrah auzaye sukari, mayai na sabuni katika meza moja, na ambaye juu ya duka lake ana fleti mbili alizowapangisha watu wa kukaa, anafanya biashara za namna tatu mbele ya sheria ya kodi, ijapokuwa yeye mwenyewe huiona kuwa ni biashara moja na mapato yake yote huyatia katika sanduku moja. Sabuni hutozwa asilimia 5, ambayo ndiyo kodi ya ongezeko la thamani iliyoanza kutumika Oman tarehe 16 Aprili 2021 kwa Amri ya Sultani nambari 121/2020. Sukari na mayai, kwa kuwa yamo katika orodha ya vyakula vya lazima, hutozwa kwa kiwango cha sifuri. Na kodi ya pango la nyumba ya kukaa imesamehewa. Kila robo ya mwaka inapokwisha mtu huyu hupewa siku 30 za kupeleka ritani yake kwa Mamlaka ya Kodi na kulipa anachodaiwa, na muhtasari unaoeleweka hauwezi kupatikana ila namna hizo tatu ziwe zimekwisha kupambanuliwa katika daftari.

Ugumu wake hauko katika sabuni, kwa maana kodi ya sabuni imeandikwa wazi katika ankara. Ugumu uko katika zile namna mbili nyingine, ambazo kwa macho hufanana mno: mnunuzi wa sukari halipi kodi, na mpangaji wa fleti halipi kodi, na katika safu ya kodi ya ankara zote mbili hukutwa sifuri. Walakini bidhaa ya kiwango cha sifuri ni bidhaa yenye kutozwa kodi, ila kiasi chake ni sifuri, na kwa sababu hiyo kodi aliyoilipa mwenye duka kwa ajili ya kuiuza anayo haki ya kuirudisha; ilhali huduma iliyosamehewa imetolewa kabisa katika mzunguko wa kodi, na kodi yoyote iliyolipwa kwa ajili yake humezwa na mwenye mali, wala hairudi. Kwa hiyo yule achanganyaye sifuri na msamaha hatakosea katika kodi anayowatoza wateja. Atakosea katika kodi anayojirudishia, mahali ambapo aghalabu hapana mtu wa kumtanabahisha mpaka wakaguzi wafike.

Siku hizi maduka mengi hayanakili tena ankara kwa mkono: karatasi hupigwa picha au faili husomwa na kompyuta, na yaliyomo humiminwa katika lahajedwali. Jambo la kwanza la kuangaliwa hapo ni kwamba mstari mmoja wa lahajedwali uwe ni mstari mmoja wa ankara, wala usiwe ni ankara nzima, kwa kuwa ankara moja ya muuzaji wa jumla yaweza kubeba magunia ya sukari, makatoni ya sabuni na gharama ya kuyapeleka, na ukichukua jumla ya chini peke yake huna tena njia ya kuvitenganisha. Kila mstari uandikiwe nambari ya ankara, tarehe, nambari ya kodi ya muuzaji (ambayo Oman huanza kwa herufi OM), maelezo ya bidhaa, thamani kabla ya kodi, kodi yenyewe, na fungu lake: TANO, SIFURI au MSAMAHA. Mistari ya manunuzi huongezewa safu moja, nayo ndiyo safu isahauliwayo kuliko zote, yaani safu ya kusudi, iulizayo kitu hiki kilinunuliwa kwa ajili ya mauzo ya fungu lipi. Na kile kilichonunuliwa kwa ajili ya mafungu yote huandikwa PAMOJA.

Fungu la bidhaa lisitolewe katika tarakimu ya kodi. Mstari wa manunuzi usio na kodi yawezekana ni wa bidhaa ya sifuri, yawezekana ni wa huduma iliyosamehewa, na yawezekana pia muuzaji ni mtu mdogo asiyesajiliwa, ambaye hana idhini ya kumtoza mtu kodi hata kidogo. Na kompyuta iliyoamriwa kuandika SIFURI kila ionapo 0.000 itavitia vyote katika kapu moja. Fungu litolewe katika maelezo ya bidhaa, yakilinganishwa na orodha ya vyakula iliyotangazwa na serikali, na mstari ambao maelezo yake ni «bidhaa mbalimbali» urudishwe kwa muuzaji aueleze.

Kuna hitilafu mbili za kusoma ankara ambazo ni za Oman hasa, na zafaa kuelezwa kwa kituo. Riali ina baisa 1,000, na kwa hiyo bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Programu iliyozoea fedha za tarakimu mbili huiona 12.500 ikadhani ni elfu kumi na mbili na mia tano, na manunuzi ya riali kumi na mbili na nusu yakageuka kuwa mali ya tajiri mkubwa. Hitilafu ya pili hutokana na tarakimu za Kiarabu, kwa maana sifuri yake, ٠, ni kitone tu, na tano yake, ٥, ni duara ifananayo na sifuri ya Kizungu, hata ankara iliyopigwa picha vibaya husomwa tano ikawa sifuri na sifuri ikapotea kama doa la wino. Zote mbili hufichuka kwa hesabu nyepesi. Kwa mistari ya fungu la TANO, ikiwa thamani iko katika safu ya F na kodi katika safu ya G, andika katika safu iliyo tupu:

```
=ROUND(F2*0.05,3)-G2
```

Jibu likizidi baisa chache, juu au chini ya sifuri, fungua karatasi yenyewe uisome kwa macho. Lakini hesabu hiyo haitafichua kosa ambalo limezidisha thamani na kodi kwa elfu kwa pamoja, kwani uwiano wao haukubadilika. Kwa hiyo baada yake panga mistari kuanzia thamani kubwa hadi ndogo, uitazame ile ya juu, kwa sababu mwenye duka anajua ni ankara zipi katika robo ile zilizopita riali elfu. Zaidi ya hayo, tafuta nambari ya ankara iliyojirudia kwa muuzaji mmoja, maana karatasi ile ile huweza kupigwa picha mara mbili. Na hati ya kurudisha bidhaa iandikwe kwa alama ya kutoa, katika fungu lile lile la bidhaa iliyorudishwa.

Tuchukue sasa robo ya Januari hadi Machi ya mwenye duka wetu, na tarakimu zote ni za mfano. Mauzo ya fungu la TANO, kabla ya kodi, yalikuwa riali 18,000, na kodi aliyowatoza wateja ni riali 900. Mauzo ya SIFURI yalikuwa riali 30,000. Pango la fleti mbili, kila moja riali 1,000 kwa robo, ni riali 2,000 za MSAMAHA. Jumla ya kila fungu huipata kwa amri moja, ikiwa safu ya B yasema MAUZO au MANUNUZI na safu ya H ndiyo ya fungu:

```
=SUMIFS(F:F,B:B,"MAUZO",H:H,"SIFURI")
```

Katika manunuzi, sabuni na vyombo alivyovinunua vilimpasa kulipa kodi ya riali 700, na kusudi lake ni mauzo ya TANO. Sukari, mayai na maziwa aliyoyanunua kwa riali 24,000 hayakuwa na kodi. Mifuko na makasha ya kufungia vyakula hivyo, kwa kuwa mfuko si chakula, vilitozwa asilimia 5, nayo ni riali 50, ambazo kusudi lake ni mauzo ya SIFURI na kwa hiyo hurudi zote. Fundi bomba aliyetengeneza fleti alitoza kodi ya riali 20, na hizo hazirudi hata baisa moja. Hatimaye umeme wa jengo zima na ujira wa mhasibu vilibeba kodi ya riali 60, na kusudi lake ni PAMOJA.

Riali hizi 60 ndizo zinazohitaji mgawanyo. Mauzo yenye kutozwa kodi, ambayo ni TANO na SIFURI kwa pamoja, ni 48,000. Mauzo yote ni 50,000. Na uwiano wake ni asilimia 96. Asilimia 96 ya riali 60 ni 57.600. Kodi anayojirudishia basi ni 700 na 50 na 57.600, yaani 807.600, na anayoilipa serikalini ni 900 kutoa 807.600, iliyo riali 92.400.

Lau angaliandika vyakula hivyo vyote katika fungu la MSAMAHA, kama wafanyavyo wengi kwa kuona kwamba havina kodi, mauzo yenye kutozwa kodi yangeshuka kuwa 18,000, uwiano ungekuwa asilimia 36, na katika zile riali 60 angejirudishia 21.600 tu, na zile 50 za mifuko zingepotea pia. Angelipa 178.400, akazidisha riali 86 zilizokuwa haki yake. Na kama angaliandika pango katika fungu la SIFURI, angejirudishia kila kitu, pamoja na kodi ya fundi bomba, akalipa riali 70 na kubaki na deni la riali 22.400 ambalo halijui. Kosa la kwanza ni zito zaidi kwa mfuko wake, ijapokuwa la pili ndilo watu wanaloliogopa.

Mambo machache yasalia. Mzigo uliopelekwa nje, kama yale makatoni ya sabuni ambayo wengine huwapelekea ndugu wa Unguja na Dar es Salaam kwa biashara, ni wa kiwango cha sifuri ijapokuwa sabuni ni ya asilimia 5 sokoni, ila sharti pawe na hati ya forodha ya kuthibitisha kutoka kwake. Na katika ritani una mahali pake pa peke yake, kwa hiyo upewe fungu lake tangu mwanzo, wala usichanganywe na sukari ya nyumbani. Kodi ya bidhaa zilizoingizwa kutoka nje nayo haipatikani katika ankara ya muuzaji wa ng'ambo, bali katika hati za forodha. Na kuhusu mpaka wa robo, mauzo huhesabiwa tangu lile litanguliayo kati ya kukabidhi mali, kutoa ankara na kupokea fedha, hata malipo ya awali yaliyopokelewa tarehe 30 Machi kwa vyombo vya kukabidhiwa Aprili ni ya robo ya kwanza.

Kabla ya kupeleka ritani, ambayo kwa robo hii mwisho wake ni tarehe 30 Aprili, linganisha jumla ya mauzo ya mafungu yote na fedha zilizoingia benki na zilizohesabiwa katika mtambo wa duka kwa miezi mitatu, ukikumbuka kuongeza zile riali 900 za kodi, kwa kuwa muhtasari huandikwa bila kodi na sanduku la fedha huyapokea mauzo pamoja nayo.